Kituo cha watoto kinasema kipo hapo. Je, kweli kipo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kutuma mchango

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaotaka kutoa sadaka, zaka au mchango wa kila mwezi kwa kituo cha kulelea watoto ambacho hawajawahi kukanyaga. Wengine wako Dar es Salaam na kituo kiko Arusha, wengine wako Muscat au Birmingham. Mifano mingi hapa ni ya Arusha na Kilimanjaro, kwa sababu vituo vinavyoomba wafadhili mtandaoni ni vingi huko na ardhi yenyewe ina alama zinazosaidia kuhakiki.

Kwa nini nianze na mahali? Si bora niombe cheti na hesabu za fedha?

Cheti na hesabu utaviomba, lakini vyote viwili utaletewa na kituo chenyewe. Mahali ni dai ambalo mtu baki anaweza kulikagua bila kumwomba mwenye kituo ruhusa. Nyumba yenye watoto 60 haijifichi. Inanunua unga na mkaa, inachota maji, inapeleka watoto shule ya msingi ya jirani, na mmoja wao akiugua inampeleka zahanati. Kama ipo, mwenye duka anaijua, bodaboda wanaijua na mtendaji anaijua.

Tena mahali ndipo panapokuonyesha nani wa kumuuliza. Ukishajua kata na kijiji, unajua ni halmashauri ipi na afisa ustawi wa jamii yupi anayewajibika. Kituo kisichotaja kata kinakunyima hata mtu wa kumpigia simu.

Elewa pia mpaka wa kazi hii. Ukithibitisha kwamba kituo kipo mahali kinaposema, umethibitisha hilo tu. Hujajua kama watoto wanalelewa vizuri, wala kama kweli ni yatima.

Nimeona anwani ileile kwenye tovuti yao, Facebook, Google Maps na kurasa mbili za watu wa kujitolea. Je, hivyo si vyanzo vitano?

Mara nyingi ni chanzo kimoja kilichonakiliwa mara tano. Kwa kila chanzo jiulize: nani aliandika hili, na alijuaje? Tovuti imeandikwa na kituo. Ukurasa wa Facebook pia. Kurasa za kutafuta watu wa kujitolea kwa kawaida huchukua maelezo ambayo kituo chenyewe kimejaza kwenye fomu. Pini ya Google Maps inaweza kupendekezwa na mtu yeyote mwenye akaunti, na mwenye kituo anaweza kuisimamia mwenyewe.

Chanzo kinachojitegemea ni kile ambacho kingetoa jibu lilelile hata kama mwenye kituo angetaka jibu lingine. Afisa wa halmashauri aliyekagua jengo ni chanzo cha namna hiyo. Picha ya setilaiti ni chanzo, kwa sababu hakuna aliyeipanga. Jirani asiyelipwa na kituo ni chanzo. Mtu uliyemchagua wewe, akaenda kwa nauli uliyomtumia wewe, ni chanzo. Ukipata viwili vya aina hii vinavyokubaliana, umefika mbali kuliko mtu mwenye viungo ishirini vya mtandao.

Maoni ya nyota tano kwenye ramani yasome kwa uangalifu. Bonyeza jina la aliyeandika uone kama ameandika maoni mengine yoyote. Akaunti zenye maoni mamoja tu, zote za wiki ileile, hazikuongezei kitu.

Niandike nini kabla ya kuanza kutafuta?

Andika dai lao lote mahali pamoja: jina kamili la kituo, mkoa, wilaya, kata, kijiji au mtaa, mwaka wa kuanzishwa, idadi ya watoto, namba za ramani kama wametoa, na namba za simu. Kisha lilinganishe dai na lenyewe. Je, kata hiyo iko kweli katika wilaya hiyo? Majina ya kata yanajirudia nchini, kwa hiyo angalia orodha ya kata za halmashauri husika. Kama wametoa postikodi, tarakimu mbili za kwanza zinaonyesha mkoa, na kwa Arusha ni 23, kwa Kilimanjaro ni 25. Kituo kinachodai kiko Arumeru huku kikiandika postikodi inayoanza na 14, yaani Kinondoni, kina swali la kujibu. Huenda wametumia anwani ya ofisi yao ya Dar, lakini waseme wenyewe.

Sanduku la posta usilihesabu kabisa. “S.L.P., Arusha” ni kisanduku ndani ya jengo la posta. Mwenye nacho anaweza kuwa na kituo Ngaramtoni, Karatu, au asiwe na kituo popote.

Wamenipa namba za ramani, lakini nikizifungua naona jangwa au nchi nyingine. Ni matapeli?

Bado. Kuna makosa mawili yanayotokea sana kwa watu waaminifu. Usa River, mji mdogo ulio kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, uko karibu na -3.37, 36.86. Namba ya kwanza ina alama ya kutoa kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Mtu akiisahau, 3.37, 36.86 inakupeleka Kenya, kaunti ya Marsabit, magharibi mwa North Horr. Akigeuza mpangilio na kuandika 36.86, -3.37, unatua kwenye milima ya kusini mwa Hispania. Rekebisha kwanza, kisha uhukumu.

Hesabu pia tarakimu baada ya nukta. Zikiwa mbili, kosa linaweza kufikia nusu kilomita na zaidi, kwa hiyo umepewa kitongoji tu, hujapewa nyumba. Zikiwa nne, unazungumzia mita kumi hivi, na hapo paa fulani linaweza kuulizwa. Pini iliyoko katikati ya mji, juu ya stendi au barabara kuu, kwa kawaida ina maana kwamba mtu aliandika jina la mji na ramani ikachagua katikati yake. Si ushahidi wa uongo, ila si mahali pia. Omba pini ya geti.

Picha za setilaiti zitanionyesha nini hasa?

Tumia Google Earth Pro ya kompyuta, ambayo ni bure, kwa sababu ina picha za miaka iliyopita na inaonyesha tarehe ya kila picha. Vaa macho ya fundi. Watoto 60 wanahitaji mabweni, jiko, vyoo, mahali pa kuanikia nguo na uwanja wa kuchezea. Pima mapaa kwa chombo cha kupimia kilichomo humo humo. Paa moja la mita 8 kwa 10 katikati ya nyumba za watu haliwezi kulaza watoto 60, hata vitanda vikiwa vya ghorofa.

Baada ya hapo rudi nyuma miaka. Kituo kinachosema kilijenga bweni 2014 kiwe na paa kwenye picha za 2015 au 2016. Ukikuta shamba tupu hadi 2021, uliza. Linganisha pia umbo: picha yao inaonyesha jengo la umbo la L lenye paa la bluu na tangi jeusi pembeni, je, umbo hilo lipo mahali pa pini au karibu nayo?

Kikwazo kikubwa katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni kivuli cha migomba na kahawa, ambacho hufunika mapaa madogo kabisa, na mawingu huharibu picha nyingi. Kutoliona jengo chini ya migomba hakumaanishi kwamba halipo. Na kuliona jengo hakukuambii ni la nani, maana shule, kanisa na nyumba ya wageni vyote vina mapaa marefu. Setilaiti ina nguvu zaidi katika kukanusha: pini iko mtoni, au kwenye shamba ambalo halijawahi kujengwa kwa miaka kumi.

Na picha wanazotuma wao? Naweza kujua zilipigwa wapi?

Anza kwa kuitafuta picha yenyewe kwenye Google Lens na TinEye. Ikionekana kwenye ukurasa wa kituo kingine, au kwenye habari ya miaka iliyopita kutoka nchi nyingine, umepata jambo zito. Isipoonekana popote, hujapata chochote, kwani picha nyingi za kweli hazijawahi kupandishwa mahali pengine.

Usitegemee taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili. WhatsApp na Facebook huziondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Anayetaka kukusaidia anaweza kuituma kama dokumenti ili zibaki, ila hata hizo zinaweza kubadilishwa na mwenye nia mbaya.

Kinachosaidia zaidi ni kilichomo kwenye picha: kibao cha duka lenye jina la mji, namba ya gari, kibao cha shule. Na kwa upande wetu wa kaskazini, mlima. Kilimanjaro ina vilele viwili vinavyotambulika, Kibo chenye theluji na Mawenzi kilichochongoka, na Mawenzi kiko mashariki mwa Kibo. Ukisimama Moshi, ukatazama kaskazini, Mawenzi kiko mkono wa kulia. Ukisimama Loitokitok, upande wa Kenya, ukatazama kusini, kiko mkono wa kushoto. Kwa hiyo picha ya “kituo chetu cha Moshi” yenye Mawenzi kushoto haikupigwa Moshi. Ama imegeuzwa kama kwenye kioo, jambo ambalo maandishi yaliyomo kwenye picha yatalifichua, ama imetoka upande wa pili wa mlima.

Meru nayo inasema. Kutoka Arusha mjini unaonekana kama piramidi nzima. Ubavu wake wa mashariki ulibomoka zamani, kwa hiyo ukiutazama kutoka Momella unaona bonde kubwa lililo wazi, lenye umbo la kwato. Picha inayoonyesha bonde hilo moja kwa moja haikupigwa Arusha mjini.

Nimpigie nani, na nimuulize vipi?

Kwa Tanzania, mtu wa kwanza ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na leseni hiyo hutolewa na Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Hapa watu wengi hupotea: cheti cha usajili wa shirika lisilo la kiserikali kutoka kwa Msajili wa NGOs si leseni ya kukaa na watoto. Shirika linaweza kusajiliwa kihalali, jina lake likaonekana kwenye mfumo wa serikali, na bado lisiwe na ruhusa ya kulea mtoto hata mmoja. Tena anwani ya kwenye usajili wa shirika mara nyingi ni ya ofisi, si ya bweni. Ukiambiwa “tumesajiliwa”, uliza: kama shirika, au kama makao ya watoto, na makao hayo yako kijiji gani?

Namba ya simu ya halmashauri itafute mwenyewe kwenye tovuti ya halmashauri, ile inayoishia na .go.tz. Usitumie “namba ya afisa” uliyopewa na kituo. Mtu anayetunga kituo hashindwi kutunga afisa.

Ukimpata, uliza swali lililo wazi. Ukisema, “Samahani, kituo fulani kiko Leganga, sivyo?” mtu mwenye shughuli nyingi atajibu ndiyo ili amalize simu. Sema: “Shikamoo. Nataka kuchangia kituo kinachoitwa hivi. Je, mnakifahamu? Kiko kijiji gani?” Halafu nyamaza usikilize. Jina la kijiji likitoka kinywani mwake bila wewe kulitaja, hilo ni jibu la kweli. Fanya vivyo hivyo kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa, ambao kwa maoni yangu ndio vyanzo bora kuliko vyote, kwa kuwa wanaishi hapo hapo.

Nionyesheni mfano mzima, kuanzia mwanzo hadi uamuzi.

Tuchukue kituo cha kubuni. Kinasema kiko Usa River, wilaya ya Arumeru, tangu 2014, na kina watoto 45. Anwani ni S.L.P. ya Arusha, pini iko barabarani katikati ya mji mdogo, na picha kuu inaonyesha watoto mbele ya jengo refu lenye paa jekundu, nyuma yake kuna Kibo, na Mawenzi kikiwa kushoto.

S.L.P. tunaiacha. Pini ya barabarani haisemi kitu, kwa hiyo tunaomba ya geti. Wanatuma, na inaangukia kaskazini mwa barabara kuu, upande wa njia inayokwenda Hifadhi ya Arusha. Kwenye setilaiti pana nyumba mbili ndani ya uzio, zenye mapaa ya kijivu, na kubwa kati yake ni kama mita 9 kwa 14. Ukirudi nyuma hadi 2017, uwanja ni mtupu.

Picha sasa. Ukiwa Usa River, Kilimanjaro iko kaskazini-mashariki, na kwa pembe ile Mawenzi kinakaa kulia kwa Kibo, karibu nyuma yake. Hakiwezi kuwa kushoto. Maandishi kwenye fulana za watoto yanasomeka sawasawa, kwa hiyo picha haijageuzwa. Basi imepigwa upande wa pili wa mlima, kuelekea Kenya.

Kufikia hapa wengi wangeandika “matapeli” na kuondoka. Mimi ningewaandikia kwanza, kwa utulivu: “Jengo la kwenye picha yenu kuu liko wapi? Na mlikuwa wapi kabla ya 2017?” Tuseme wanajibu kwamba walipanga nyumba Tengeru miaka ya mwanzo wakahamia hapa baadaye, na kwamba picha waliitoa mtandaoni kwa sababu ilikuwa nzuri. Sehemu ya kwanza inawezekana kabisa. Vituo vingi huanza kwenye nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba akiitaka huhama. Inaweza pia kuhakikiwa Tengeru kwa mtendaji. Sehemu ya pili ni mbaya, kwa sababu waliwaonyesha wafadhili watoto wasio wao.

Simu ya halmashauri ndiyo inayoamua. Afisa akisema anakifahamu, akataja kijiji chenyewe, lakini akasema kina watoto 18, basi mahali ni pa kweli, na picha na idadi si kweli. Ningesimamisha mchango hadi waondoe picha na waeleze hao 27 wengine. Afisa akisema hajawahi kukisikia, na mtendaji akasema nyumba ile ni ya familia, mazungumzo yameisha.

Wanakataa kutaja mahali, wanasema ni kwa usalama wa watoto. Niwaamini?

Sababu hiyo huwa ya kweli. Nyumba salama zinazohifadhi wasichana waliokimbia ukeketaji, au watoto waliookolewa kwenye biashara haramu ya watu, hazipaswi kuweka pini kwenye ramani. Lakini siri kwa umma si siri kwa serikali. Kituo kama hicho kitakutajia halmashauri, na afisa ustawi anaweza kukuthibitishia kwamba kipo na kina leseni bila kukuambia njia ya kufika. Ukikubaliwa hivyo, ridhika. Kinachotia shaka ni kituo kinachoficha mahali huku kikibandika sura na majina ya watoto haohao kila siku mtandaoni.

Na wewe pia, ukishathibitisha, usisambaze namba za ramani kwenye makundi ya WhatsApp.

Niko Muscat, sina ndugu Arusha. Nani ataniendea?

Tafuta mtu ambaye kituo hakikukupa: rafiki wa rafiki, mwalimu, mzee wa msikiti au wa kanisa la jirani. Mtumie nauli. Aanzie kwenye duka au kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na pini, aulize, “Kituo cha watoto kiko wapi?” bila kutaja jina, kisha alinganishe jina analoambiwa. Aende kwa mtendaji. Akifika getini ajitambulishe na aombe kuingia. Akiambiwa arudi siku nyingine, akubali, kwani kituo kinachomruhusu mgeni yeyote kuingia kwa watoto wakati wowote hakiwalindi. Asipige picha za watoto. Picha ya kibao na geti inatosha.

Simu ya video ni msaada mdogo. Ukiitumia, mwombe anayeshika simu atoke nje ya geti na atembee hadi barabarani bila kukata, ili uone majirani na njia ukilinganisha na setilaiti.

Kituo kiko Kenya. Nini kinabadilika?

Hatua za ramani na picha ni zilezile. Maofisa ndio wanabadilika: muulize afisa wa watoto wa kaunti ndogo na chifu wa eneo. Kumbuka pia kwamba serikali ya Kenya ilisitisha kusajili vituo vipya vya watoto mwezi Novemba 2017. Kituo kinachodai kimeanza baada ya hapo na kimesajiliwa kukaa na watoto kinapaswa kueleza kilisajiliwa kama nini na kwa nani.

Nimegundua hakipo. Nifanye nini?

Hifadhi ushahidi kwanza, kabla hujawaambia kwamba umegundua: picha za skrini za ukurasa pamoja na tarehe, namba za simu, jina lililotokea ulipotuma pesa, na risiti za muamala. Kurasa hufutwa haraka. Kama ulishatuma, wapigie mtandao wako wa simu au benki siku hiyohiyo. Toa taarifa polisi, na umwandikie afisa ustawi wa halmashauri iliyotajwa, maana jina la eneo lake linatumika. Kwa Tanzania, namba ya simu iliyokutumia ujumbe wa utapeli inaweza kuripotiwa kwa kutuma kwenda 15040.

Kama nyumba ipo na ina watoto, ila haijulikani na ofisi yoyote, hilo ni jambo tofauti na ni la haraka zaidi kuliko pesa zako. Piga 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya, na uwape kijiji, kata na namba za ramani ulizozipata.